Meseji Imeingia, Salio Halijaongezeka: Nyanya Zinavyoondoka Bure Barabarani Dumila

Leo kantangaze na ukungu tuviache kwanza. Kuna mdudu mwingine anayeshambulia nyanya ikiwa tayari imeshavunwa, imechambuliwa na kupangwa kwenye tenga, na dawa yake haiuzwi kwenye duka lolote la pembejeo.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa upande wa Magole alinipigia simu saa mbili usiku. Jina lake nalihifadhi. Akanisalimia, "Shikamoo, bwana shamba." Nikaitikia. Akanyamaza, halafu akasema, "Nimepigwa." Nikadhani kaumizwa, nikamuuliza yuko hospitali gani. Akajibu, "Hapana mzee, nimepigwa kwenye simu. Nyanya zimeenda."

Kisa chenyewe kilikwenda hivi. Alikuwa na matenga 60, wamekubaliana shilingi 28,000 kwa tenga. Mnunuzi hakuwahi kumwona kwa macho. Namba yake aliipewa na mtu aliyejiita dalali, na wakati huo bei ya barabarani ilikuwa 25,000, hivyo 28,000 ilikuwa imenona. Siku mbili kabla, mnunuzi alimtumia advansi ya shilingi 30,000, na hiyo iliingia kweli. Akaitoa kwa wakala, akawalipa vibarua wa kuchuma. Kuanzia hapo hakuwa na wasiwasi tena na yule mtu.

Siku ya mzigo, kenta ikafika saa kumi na moja jioni. Dereva hakuwa na habari yoyote ya malipo, yeye kakodiwa Morogoro mjini kwa simu, kaelekezwa apakie na kuondoka. Mnunuzi akapiga, "Mdogo wangu, pakieni, mimi nipo kwenye foleni ya wakala hapa." Wakapakia. Tenga la mwisho linafungwa kamba, meseji ikaingia: umepokea shilingi 1,860,000. Dakika haijaisha, simu ikalia tena. "Aisee mdogo wangu, nimechanganya tarakimu! Ilikuwa nitume milioni moja laki sita na themanini, nimetuma moja laki nane na sitini. Hiyo laki na themanini iliyozidi mtumie fundi wangu kwenye namba hii, gari langu lingine limeharibika Chalinze, ana haraka. Na samahani sana."

Kijana alikuwa na shilingi 215,000 kwenye simu, hela ya mafuta ya pampu na dawa ya wiki inayofuata. Akatuma 180,000 kwa "fundi". Kenta ikaondoka. Baada ya kama saa moja hivi akaenda kwa wakala kutoa hela yake ili awalipe wapakiaji, wakala akamwambia salio halitoshi.

Kwenye simu kulikuwa na elfu thelathini na kitu. Namba ya mnunuzi haipatikani. Dereva alipatikana kesho yake, akasema alipofika Msamvu aliambiwa na mwenye mzigo afaulishe matenga kwenye gari jingine, akalipwa nauli yake taslimu, akaenda kulala. Nyanya ikishafaulishwa Msamvu, alfajiri iko Ilala au Mabibo, na saa tatu asubuhi iko kwenye mafungu ya akina mama. Hakuna namba ya injini wala chapa ya kuitambulia.

Hebu fanya hesabu ya hasara. Nyanya za 1,680,000 zimeondoka na laki na themanini taslimu imeondoka. Jumla ni 1,860,000, tarakimu zile zile zilizoandikwa kwenye meseji ya uongo. Hela iliyotajwa kwenye meseji ni yeye aliyeitoa.

Kwa nini wanazidisha malipo

Nimeulizwa na vijana wawili watatu: kama meseji ilikuwa ya bandia, si angeandika tu 1,680,000 akaondoka na nyanya? Kwa nini ajisumbue kuzidisha?

Sababu ya kwanza ni kwamba nyanya lazima ziuzwe ndiyo ziwe hela, ila laki na themanini inaingia mkononi mwake papo hapo. Hata kama ungeshtuka na kushusha matenga, hiyo tayari kaipata. Wengine hata mzigo hawauhitaji. Wanaagiza, wanatuma meseji ya bandia, wanaomba "chenji" yao, na gari la kuja kupakia halitokei kamwe.

Sababu ya pili ndiyo nataka uielewe vizuri. Kabla ya ile simu ya pili, wewe ndiye unayedai. Swali lililo kichwani mwako ni: hela imeingia? Akishasema amezidisha, mambo yanageuka, sasa wewe ndiye unayedaiwa. Swali linakuwa: nimrudishie kiasi gani, kwenye namba ipi? Lile swali la kwanza limeruka bila kujibiwa. Na kijana aliyelelewa vizuri hataki kukaa na hela ya mtu, kwa hiyo anaharakisha kuirudisha. Wanaopigwa hivi siyo wenye tamaa peke yao. Kuna waaminifu wengi tu.

Kwetu huku tuna na mazoea mengine yanayowasaidia. Mnunuzi mwema huongeza ya kutolea, kwa hiyo meseji yenye hela iliyozidi kidogo haitushtui kabisa. Tunasema, huyu muungwana.

Meseji ile ilikuwa na nini

Kijana alinionyesha simu yake. Hakuwa ameifuta, na alifanya vizuri. Tukakaa nayo pale kwenye benchi la ofisi.

Meseji ya kweli ya kupokea hela huwa na namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, jina la aliyetuma, tarehe na saa, na salio lako jipya. Ile ya bandia ilikuwa na vyote hivyo. Lugha ilikuwa sawa, na hata nafasi za maneno zilifanana, maana tapeli anachukua meseji ya kweli aliyowahi kupokea yeye mwenyewe, anabadilisha jina na tarakimu. Usimtegemee akosee herufi. Wapo wanaokosea, lakini ukizoea kuwakamata kwa makosa ya herufi, siku utakayokutana na anayejua kuandika utaliwa.

Kitu ambacho hawezi kunakili ni salio lako, kwa sababu halijui. Meseji ile ilisema salio jipya ni 1,912,400. Kijana alikuwa na 215,000. Ukijumlisha 215,000 na 1,860,000 unapata 2,075,000. Anayepokea kwenye laini ya kawaida hakatwi kitu, makato ni ya mtumaji, hivyo jumla ilitakiwa iwe hiyo kamili. Tapeli alibahatisha tu. Wengine wanaiacha kabisa sehemu ya salio, na hiyo nayo ni dalili.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye meseji ya kweli, na hii iliniuma kuliko zote. Alipotuma ile 180,000 mtandao wake ulimletea uthibitisho, na chini yake umeandika salio lililobaki: elfu thelathini na kitu. Kama milioni moja na laki nane zingekuwa zimeingia, salio lingeonyesha zaidi ya milioni moja na laki nane. Meseji hiyo ilifika kenta ikiwa bado haijawashwa. Angeisoma hadi mwisho, angepoteza laki na themanini na matenga yangebaki. Lakini sisi sote tukituma hela tunaangalia neno la kwanza tu, kwamba imekwenda, tunafunga simu.

Dalili ya tatu ni ya kuangaliwa kwa makini. Juu ya meseji palikuwa pameandikwa jina la huduma ya fedha kama kawaida. Nikamwambia apande juu, aone meseji za nyuma. Hazikuwepo. Meseji zake zote za miezi na miezi zilikuwa kwenye uzi mwingine wenye jina lile lile, na hii ilikuwa peke yake. Tulipofungua maelezo ya mtumaji, ikatokea namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Ikoje namba ya mtu ikaonekana kwa jina la huduma? Akakumbuka. Asubuhi yake yule "dalali" alikuja shambani kuangalia nyanya, akaomba simu yake ampigie tajiri kwa sababu yake imeisha chaji. Akiwa nayo mkononi, akaihifadhi namba yao kwenye majina kwa jina la huduma ya fedha. Ni kazi ya sekunde ishirini.

Kwa hiyo mtu unayefanya naye biashara kwa mara ya kwanza usimpe simu yako. Anataka kupiga? Mpigie wewe, weka sauti kubwa, aongee ukiwa umeishika.

Lakini hata ukikuta meseji imeingia kwenye uzi ule ule wa siku zote, usiseme basi ni ya kweli. Zipo njia za kutuma meseji kwa wingi zinazomruhusu mtumaji kuandika jina badala ya namba, na jina linaweza kughushiwa au kubadilishwa herufi moja ambayo jicho halioni jioni. Dalili za kwenye meseji zinaweza kukwambia kwamba ni ya uongo. Kwamba ni ya kweli, hazikwambii. Hilo linajulikana kwenye akaunti peke yake.

Piga salio mara mbili

Kabla mzigo haujasogezwa, piga menyu ya mtandao wako kwa mkono wako mwenyewe, nenda sehemu ya akaunti, angalia salio. Ziandike tarakimu hizo mahali. Mnunuzi akisema ametuma, piga tena menyu ile ile. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Tofauti ikiwa sawa na bei mliyokubaliana, umelipwa. Ikiwa chini ya hapo, hata kama simu imejaa meseji, hujalipwa.

Namba za menyu unazijua, ila naziweka hapa kwa sababu wapo wanaotumiwa namba za uongo na "watoa huduma" wanaowapigia:

```
M-Pesa               *150*00#
Mixx by Yas          *150*01#   (zamani Tigo Pesa)
Airtel Money         *150*60#
HaloPesa             *150*88#
```

Mnunuzi akisema "subiri nikutumie kiungo uthibitishe kupokea" au "weka namba ya siri ili hela iingie", hapo biashara imeisha. Kupokea hela hakuhitaji namba ya siri yako. Namba ya siri ni ya kutoa na kutuma, na ya kuangalia salio lako mwenyewe.

Ukitumia Lipa Namba, kumbuka hela haiingii kwenye salio la laini yako ya kawaida. Inaingia kwenye akaunti ya Lipa Namba, na meseji inakwenda kwenye simu iliyosajiliwa nayo. Hapa vijana wengi wa Dumila mna pengo: mnatumia Lipa Namba ya duka la mjomba au ya kaka, simu yenyewe iko Morogoro, na uthibitisho mlio nao ni skrini ya mnunuzi anayokuonyesha akiwa amesimama kwenye mlango wa gari. Skrini ya mnunuzi si ushahidi. Mpigie mjomba, aangalie salio la Lipa Namba, akusomee. Mjomba hapokei? Mzigo unasubiri.

Picha ya risiti ya benki inayotumwa kwa Wasapu ni hivyo hivyo. Picha inachorwa. Angalia akaunti yako ya benki, ukikuta hela haijafika, haijafika.

Mpangilio wa mzigo nao una kazi yake. Mnunuzi wa kweli naye anaogopa, hatatuma milioni na zaidi kabla hajaona nyanya, na ana haki. Ninavyowashauri mimi: matenga yapangwe chini, kivulini, kando ya gari. Yahesabiwe, yafunguliwe mawili matatu aone hadi ya chini. Akiridhika alipe, upige salio, ndipo tenga la kwanza lipande. Kijana wangu alipakia kwanza, na tenga likishakuwa juu ya gari lenye injini inayounguruma, ni vigumu mno kusema shusheni. Dereva ananuna, wapakiaji wananuna, wewe mwenyewe unaona aibu.

Hela ikizidi kweli

Kuna aina nyingine, na hii haikamatwi kwa kupiga salio peke yake, kwa sababu hela inaingia kweli.

Tuseme umeuza vitunguu vya laki nne. Unapiga salio, kumbe imeingia laki tisa. Jina la mtumaji ni la mwanamke, na mnunuzi wako ni mwanaume, anakwambia ni la mke wake. Anaomba laki tano zilizozidi uzirudishe kwenye namba nyingine, "ile ina tatizo". Unatuma, jina linatokea la mtu wa tatu. Anachukua vitunguu, anaondoka.

Yule mwanamke huenda ni mtu aliyetapeliwa mahali pengine kabisa, kaambiwa analipia kiwanja au ada, kapewa namba yako. Atakapolalamika, laki tisa zinaonekana zimeingia kwako. Mtandao unaweza kuizuia hela hiyo wakati wa uchunguzi, na polisi wanaanza na wewe, maana jina lililosajiliwa ni lako. Vitunguu vimeenda, laki tano imeenda, na unatakiwa kujieleza.

Kwa hiyo hela iliyozidi kweli usiirudishe kwa kutuma kwenye namba unayotajiwa. Mwambie aliyetuma apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, aombe muamala urudishwe, na wewe ukipigiwa na mtandao wako utakubali. Kisha alipe upya kiasi sahihi. Aliyekosea kweli atakasirika kidogo na atafanya. Kama ni tofauti ndogo na mmekubaliana uirudishe mwenyewe, irudi kwenye namba ile ile iliyoituma, jina lile lile, baada ya kupiga salio. Ukiona jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri si la yule aliyekulipa, ghairi. Watanzania wote tumeshapata zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Huu ni mchezo ule ule, ila safari hii unaletwa na gari.

Mtandao ukiwa umekata

Hapa ndipo ushauri wangu unapopata shida, na sitajifanya hakuna. Kuna siku menyu haifunguki kweli, hasa jioni. Kuna wakati hela inayotoka mtandao mmoja kwenda mwingine inachelewa. Nyanya zilizoiva hazipendi kusubiri, na tapeli anajua. Ndiyo maana anachagua saa kumi na moja jioni na zao linalooza. Wa mahindi angemwambia njoo kesho.

Menyu isipofunguka, una njia mbili tu. Mnunuzi aende kwa wakala atoe taslimu akupe mkononi, na wakala awe unayemfahamu wewe, wa hapo njia panda, asiwe "wakala wangu" wake. Au nyanya zilale. Zikilala kivulini, tenga lisilofunikwa turubai, utapoteza zilizoiva kupita kiasi na labda bei itashuka. Weka hasara hiyo kando ya 1,860,000, uone ipi unaweza kuibeba.

Ukishapigwa, dakika za mwanzo ndizo zina maana. Piga 100 kwa mtandao wako, toa namba ya kumbukumbu ya muamala uliotuma, omba hela izuiwe kabla haijatolewa. Usifute kitu. Nenda kituo cha polisi upate RB, kosa lenyewe linaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Meseji ya kitapeli itume 15040 pamoja na namba iliyoituma, ni namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, nao hufungia laini hizo. Na tusiwanyooshee kidole watu wa mbali: kwenye taarifa za TCRA za robo mwaka za 2023 na 2024, mikoa iliyokuwa ikitajwa kuongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu ni Rukwa na huu wetu wa Morogoro.

Kijana wa Magole hajarudishiwa kitu mpaka leo. Laki na themanini ilikuwa imeshatolewa. Lakini alikuwa na mchumo wa pili, na Jumamosi iliyopita nilimkuta pale barabarani na matenga 35, yamepangwa chini, mnunuzi kutoka Dar es Salaam kasimama na simu sikioni. Kwenye ubao wa tenga la kwanza alikuwa ameandika salio lake kwa kalamu ya wino mzito. Mnunuzi akamwambia, "Dogo, nimeshatuma bwana, angalia meseji." Akajibu, "Nimeiona kaka, ngoja nipige salio." Halikuwa limebadilika. Wakakaa juu ya matenga, wakanunua miwa, wakazungumzia mpira. Baada ya dakika kumi na tano hivi akapiga tena, akatoa hesabu kwa kidole kwenye ubao, akawageukia wapakiaji: "Pandisheni."